Meno ya daluga na kifundo cha mguu: kiatu kinachoshika sana si lazima kiwe salama

Kila mara mchezaji anapoanguka peke yake, bila kuguswa na mtu, mjadala ule ule huzuka. Mmoja anailaumu kapeti, yaani uwanja wa nyasi bandia. Mwingine anasema daluga za siku hizi ni nyepesi mno, hazina ukosi wa kulinda kifundo. Wa tatu anaapa kwamba angevaa meno marefu asingeumia. Wote watatu wanazunguka jambo moja bila kulitaja: namna meno ya kiatu yanavyokutana na ardhi, na muda yanaoishikilia kabla ya kuiachia.

Tuanze na maneno. Kiatu chote hapa nitakiita daluga, ingawa wengi husema njumu. Vile vichomozo vya chini ya soli nitaviita meno. Kifundo ni kile kiungo kati ya mguu na wayo, na kano ni nyuzi ngumu zinazofunga mfupa kwenye mfupa mwenzake. Mtu akisema ameteguka kifundo, mara nyingi ana maana kwamba kano za upande wa nje zimevutwa kupita kiasi, au zimechanika.

Halafu kuna zile herufi mbili zinazoandikwa kwenye boksi, ambazo wanunuzi wengi huzipita wakikimbilia rangi. FG ni daluga za nyasi asilia juu ya ardhi imara: meno ya plastiki yaliyoumbwa pamoja na soli, kumi na kidogo hivi, yenye urefu wa kama sentimita moja. SG ni za ardhi laini: meno machache, kwa kawaida 6, marefu zaidi, yenye chuma na yanayofungwa kwa skrubu. AG ni za nyasi bandia zile ndefu: meno mengi, mafupi, ya mviringo, aghalabu yenye tundu katikati. TF ni za kapeti fupi na viwanja vigumu: hazina meno hasa, zina vipele vingi vya mpira vilivyotapakaa soli nzima. Ukiona MG, mtengenezaji amejaribu kuchanganya matumizi, na meno yake mara nyingi huwa mengi na mafupi kuliko ya FG.

Kushika kuna sura mbili

Mchezaji anapokimbia, anaposimama ghafla au anapopiga shuti, anahitaji kiatu kisiteleze mbele wala nyuma. Huko ni kushika kwa mstari. Lakini anapogeuka juu ya mguu mmoja, anahitaji kiatu kizunguke pamoja naye. Kikigoma kuzunguka, mwili unageuka, wayo unabaki, na msokoto wote unaingia kwenye kifundo na goti.

Chomeka kijiti kimoja ardhini ukizungushe kwa vidole: kinazunguka bila shida. Sasa funga vijiti sita chini ya ubao, vichomeke vyote kwa pamoja, kisha ujaribu kuuzungusha ubao. Kila kijiti lazima kilime mfereji wake kwenye udongo kabla ubao haujasogea. Vijiti vikikaa mbali na katikati ya ubao, kazi inaongezeka. Vikizama zaidi, inaongezeka tena. Vikiwa vipana kama kisu badala ya kuwa mviringo, na ubapa wake ukakabili upande unaozungushia, inaongezeka mara ya tatu. Daluga ni ubao huo, na mzungushaji ni uzito wako ukiwa mbioni.

Wanaopima viwanja wanalijua hili vizuri. Katika vipimo vya FIFA vya nyasi bandia kuna kifaa chenye sahani ya duara iliyofungwa meno sita ya mpira wa miguu, ikibebeshwa uzito wa kilo 46. Sahani inaachiwa izame kwenye nyasi, kisha inazungushwa kwa mkono huku mita ikionyesha nguvu iliyohitajika. Uwanja unaweza kukataliwa kwa kushika kidogo mno, na unaweza pia kukataliwa kwa kushika kupita kiasi. Mnunuzi wa kawaida huufikiria upande wa kwanza tu. Akiteleza mara moja, wiki inayofuata anatafuta meno marefu zaidi.

Gharama ya upande wa pili ilionekana katika utafiti uliochapishwa mwaka 1996, uliofuatilia wanafunzi zaidi ya 3,000 wa sekondari wanaocheza mpira wa Kimarekani kwa misimu mitatu. Waliovaa viatu vyenye meno marefu yaliyopangwa ukingoni mwa soli waliumia kano ya mbele ya goti zaidi ya wenzao, na viatu hivyo hivyo vilipopimwa ndivyo vilivyokataa zaidi kuzunguka. Ni mchezo tofauti na wetu, na goti si kifundo, lakini meno hayakujui unacheza mchezo gani. Hata hivyo sikubaliani na wanaosema kila daluga yenye meno bapa ni mtego. Jino fupi bapa kwenye nyasi asilia laini huachia mapema kuliko jino refu la mviringo lililozama lote. Umbo ni sehemu moja ya hesabu, na nyingine ni jino limezama kiasi gani, na kinacholizunguka ni nini.

Ardhi ngumu na kavu

Mchukue winga wa kilo 70. Ameazima SG za rafiki yake, meno 6 yenye ncha za chuma, na uwanja ni mgumu, mvua haijanyesha kwa wiki kadhaa. Anakimbia pembeni, anakanyaga kwa mguu wa kulia ili akate ndani kuelekea kushoto.

Upande wa nje wa soli yake una meno matatu: mawili mbele, moja kisiginoni. Anapokata, kisigino kimenyanyuka, kwa hiyo anategemea mawili tu ya mbele. Mguu unaotua ukiwa mbioni hupokea zaidi ya uzito wa mwili. Tuchukue mara mbili, yaani kilo 140. Kila jino sasa linabeba kilo 70 juu ya ncha yenye upana wa kifungo cha shati. Ardhi ikikubali, jino huzama na mzigo husambaa kwenye soli. Ardhi hii haikubali. Jino linasimama juu yake kama mguu wa meza juu ya sakafu ya saruji, na winga wetu yuko hewani, sentimita moja na nusu juu ya uwanja, akiwa amesimama kwenye nukta mbili.

Hapo makosa mawili yanaweza kutokea. La kwanza ni kuteleza, kwa sababu chuma juu ya udongo mkavu hakina cha kukishika, hasa kukiwa na vumbi au changarawe inayoviringika chini yake. La pili, ambalo mimi naliogopa zaidi, ni jino moja kukanyaga kijiwe au ukingo wa shimo dogo. Akiwa amesimama juu kiasi hicho, kwenye ukingo mwembamba, kiatu kinapinduka kwa nje kabla misuli ya mguu haijapata muda wa kujibu. Ndiyo njia hasa ambayo kano ya mbele ya upande wa nje, ambayo huumia mara nyingi kuliko nyingine zote za kifundo, huchanika.

Mvalishe sasa TF. Upande wa nje wa sehemu ya mbele una vipele vingi. Chukulia 20 vinagusa chini. Kilo zile zile 140 zinagawanyika kuwa 7 kwa kila kipele. Mpira ni laini, unajikunja juu ya kijiwe badala ya kupinduka juu yake, na soli iko karibu na ardhi. Atateleza kidogo juu ya vumbi, hilo ni kweli, lakini mtelezo huo ni mfupi na anauhisi ukianza. AG nazo hufanya kazi vizuri hapa, mradi ardhi isiwe kama saruji. FG zinavumilika pale ambapo bado kuna nyasi na jino linazama angalau nusu yake. Chini ya hapo utaanza kuhisi kila jino kwenye wayo, kama mtu anayekanyaga kokoto peku, na mchezaji anayecheza hivyo msimu mzima hutafuta maumivu ya mifupa ya mbele ya wayo na ya kisigino. Watoto wanaokua haraka huumia kisigino kwa urahisi zaidi, kwa sababu mfupa wao haujakomaa pale mshipa mkubwa wa kisigino unapojishikiza. Mtoto anayechechemea kila baada ya mazoezi kwenye uwanja mkavu, mvulie kwanza meno marefu kabla ya kumwambia avumilie.

Nyasi zenye maji

Hapa kuna mkanganyiko ambao umewategua wengi: unyevu si sawa na ulaini. Mvua ya nusu saa juu ya uwanja uliokauka miezi miwili inalowesha nyasi na utando mwembamba wa juu, lakini sentimita moja chini udongo ni ule ule mgumu. Mchezaji anaona maji, anavaa SG, na anajikuta amesimama kwenye nukta mbili zile zile, safari hii zikiwa zimepakwa matope.

Kabla ya kuchagua, ingia uwanjani na ufunguo wa mlango. Usukume chini kwa nguvu ya kidole gumba, sehemu tatu nne tofauti, ukikumbuka eneo la golini ambalo hukanyagwa zaidi. Ukikwama baada ya milimita chache, ardhi ni ngumu hata kama nyasi zinang'aa kwa maji: vaa FG, meno yake yapenye ule utando wa juu na yafike palipo imara. Ukizama sentimita mbili au zaidi bila kupigana, hapo SG zina kazi.

Na kazi yake ni kubwa. Kwenye udongo laini, jino fupi halifiki kwenye tabaka lenye nguvu. Linaishia kwenye uji wa juu na kuteleza nao. Isitoshe, meno mengi yaliyokaribiana hukamata matope katikati yake. Baada ya dakika kumi AG au TF zinageuka bamba moja laini la udongo, halina jino hata moja linalofanya kazi. SG zina meno machache yaliyoachana ili matope yapate njia ya kudondoka. Kisa maarufu cha meno ya skrubu ni fainali ya Kombe la Dunia ya Julai 4, 1954 mjini Bern, ambako Ujerumani Magharibi walicheza na Hungaria kwenye mvua. Adi Dassler, mwanzilishi wa kampuni ya Adidas, alikuwa amewatengenezea Wajerumani viatu ambavyo meno yake yangeweza kubadilishwa kulingana na hali ya uwanja, na siku hiyo wakafunga marefu. Walishinda 3-2. Wasimuliaji wengi huyapa meno sifa zote. Mimi nakichukua kile kidogo tu kilicho hakika, kwamba walibadilisha meno baada ya kuuona uwanja, si kabla.

SG zinadai uangalizi ambao daluga nyingine hazidai. Kaza kila jino kwa spana yake kabla ya mechi. Jino moja likidondoka, soli inainama kila unapokanyaga upande huo, na kifundo kinainama nayo. Pitisha kidole kwenye ncha: chuma kilichotembea kwenye lami au saruji hupata ukingo mkali, na huo unaweza kumchana mwenzako. Kanuni ya 4 ya mchezo inakataza mchezaji kutumia kitu chochote cha hatari, na mwamuzi anayo mamlaka ya kukutoa ukabadilishe.

Kapeti

Sasa turudi kwa yule anayeilaumu kapeti. Nyasi asilia zina kinga ambayo hatuifikirii: zinachanika. Msokoto ukizidi, mizizi inakatika, kipande cha nyasi kinang'oka na wayo unazunguka. Lile shimo linalomkera mtunza uwanja ni goti au kifundo kilichookolewa. Linafanya kazi kama fyuzi ya umeme, inayoungua ili nyumba isiungue.

Nyasi bandia hazina fyuzi hiyo. Nyuzi za plastiki zimeshonwa kwenye zulia la chini, na katikati yake kumejazwa mchanga na chembe za mpira. Jino la FG linapita kati ya nyuzi, linazama kwenye chembe hizo, na linapotaka kuzunguka linakuta nyuzi zisizokatika. Kinachopaswa kuachia ni chembe, kwa kusogea, na zenyewe husogea tu kama ziko legevu. Uwanja usiopigwa brashi kwa muda mrefu hushindiliwa, na uliopoteza chembe zake hubaki na nyuzi zilizolala. Kwa hiyo kapeti mbili zinazofanana kwa macho zinaweza kuushika mguu kwa namna tofauti kabisa. Lawama ya jumla kwa "kapeti" haitusaidii kitu. Kombe la Dunia la wanawake la 2015 nchini Kanada lilichezwa lote juu ya nyasi bandia. Cha kuuliza ni kapeti ipi, katika hali gani, na chini ya meno gani.

AG zimetengenezwa kwa tatizo hili. Meno yake mafupi hayazami sana, na umbo la mviringo halikabili nyuzi kwa ubapa wowote. Wingi wake unasambaza mzigo, jambo lenye maana kwa sababu chini ya zulia kuna tabaka gumu. Winga wetu akivaa AG na kukata ndani, wayo utazunguka mapema kidogo kuliko akiwa na FG. Mwanzoni atahisi kama anapoteza kasi. Hiyo "kasi" aliyokuwa nayo kwenye FG ilikuwa inalipwa na kano.

SG usiziingize kwenye kapeti kabisa, kwani zinaharibu zulia na zinashika vibaya. Kapeti fupi za zamani, zile zenye nyuzi za sentimita moja au mbili na mchanga mtupu, zinataka TF. Hata AG huko husimama juu juu. Jambo jingine la pochi: watengenezaji wengi hawakubali kurudishiwa FG zilizochezewa nyasi bandia. Joto na msuguano wa kapeti hubandua soli na kukata meno, nao wanaitambua alama hiyo.

Je, ukosi wa juu unalinda kifundo?

Daluga zenye kitambaa kinachopanda juu ya kifundo huuzwa zikionekana kama bandeji. Zishike mkononi na upinde ule ukosi: ni soksi. Nguvu inayopindua wayo uliobeba uzito wa mwili haizuiwi na kitambaa ambacho vidole viwili vinakikunja. Wapo wanaosema ukosi unawafanya wakihisi kifundo vizuri zaidi, na siwapingi, ila wasiuhesabu kama kinga.

Kinga yenye ushahidi ni nyingine. Aliyewahi kuteguka ndiye aliye katika hatari kubwa zaidi ya kuteguka tena, na kwake kishikizo cha kifundo, kile kigumu kiasi chenye mbavu za plastiki pande mbili, kimeonyeshwa kwa wanasoka kupunguza marudio. Plasta nayo husaidia, lakini hulegea mchezo ukiendelea, kwa hiyo aliyefungwa kabla ya kupasha misuli hana ulinzi ule ule kipindi cha pili. Mazoezi ya kusimama mguu mmoja, kwanza macho wazi, kisha yakiwa yamefumbwa, kisha juu ya ubao unaoyumba, huifundisha misuli ya nje ya mguu kujibu mapema.

Kiatu chenyewe kinachangia kwa njia isiyoonekana dukani: saizi. Daluga iliyozidi hata nusu namba huacha wayo uteleze ndani yake. Meno yameshika ardhi, soli imetulia, lakini wayo umevuka ukingo wa soli kuelekea nje, na kilichobaki ni kupinduka. Jaribu jioni, ukiwa na soksi za mpira, kamba zimefungwa hadi tundu la mwisho. Kisigino kisinyanyuke unapopanda kwa vidole.

Ikitokea umeteguka, acha kucheza hata kama unaweza kukimbia. Usipoweza kupiga hatua nne, au mfupa wenyewe wa kifundo ukiuma ukibonyezwa kwa nyuma au kwenye ncha, au uchungu ukawa kwenye ule mfupa unaochomoza katikati ya ukingo wa nje wa wayo, nenda ukapigwe picha. Mfupa huweza kuvunjika kwa mpinduko ule ule unaotegua.

Kuisoma soli yako

Baada ya dakika tano za kupasha misuli, tazama nyuma ulipopita. Ukiona vinukta tu, meno hayajazama: punguza urefu, ongeza wingi. Ukiona mashimo safi na alama hafifu ya soli, umepatia. Ukiona soli yote imejichora kwenye matope na mistari ya kuteleza, ongeza urefu. Kisha simama kwa mguu mmoja, bila kasi, uzungushe mwili taratibu. Wayo unapaswa kuufuata mwili. Ukihisi goti linatangulia na kiatu kimebaki, umepata onyo wakati bado hujaanza kukimbia.

Meno yanalika upande mmoja pia. Yale ya nje yakiisha kabla ya ya ndani, soli inaegemea nje, upande ambao kifundo hupindukia. Daluga ya namna hiyo naitoa mchezoni hata kama juu bado inang'aa.

Na mwenye uwezo wa jozi moja tu, anayecheza leo kwenye kapeti na kesho kwenye uwanja mkavu, achukue AG. Kwenye nyasi zenye unyevu wa kawaida zitamtosha. Kwenye matope zitateleza, na siku hiyo afupishe hatua na ageuke kwa hatua nyingi ndogo badala ya mkato mmoja.